Barua ya Maskati isomwe kuanzia chini

KATIKA maduka ya Chake Chake, Wete na Mkoani, barua ya kazi ya Maskati ina thamani karibu sawa na fedha taslimu. Kijana anayeionyesha hukopeshwa mabati na saruji, wazee wake hukodisha mikarafuu ya msimu ujao ili apate nauli na vitu vya kuondokea, na mwenye duka huandika deni bila kuuliza mdhamini. Kinachosomwa katika barua hiyo, mara nyingi, ni mstari mmoja tu: mshahara kwa riali.

Mstari huo ndio unaohitaji uangalifu mdogo kuliko yote. Riali ya Omani imefungwa na dola ya Marekani tangu mwaka 1986, riali moja ikiwa sawa na takriban dola 2.60, na hakuna dalili ya kuyumba. Hatari kwa mfanyakazi, kwa tajiri wake na kwa aliyemkopesha iko mistari ya chini, panapozungumzwa nyumba, kodi, familia na kurudi. Mambo hayo manne huandikwa kama mambo mbalimbali, lakini ni kamba moja. Ukivuta familia, kodi inakuja. Ukivuta nyumba, familia inakwama. Na kurudi kukiachwa wazi, yote matatu yaliyotangulia hayana mwisho unaojulikana.

Uzembe huu una historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi wa Unguja na Pemba walihamia Omani, na wengine wengi wakafuata baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya huko. Hadi leo Kiswahili kinasikika Maskati, na Mpemba anayekwenda huko anamkuta ami au mjomba. Kwa hiyo kazi hutafutwa kwa udugu na barua huandikwa kwa udugu. Neno "itaangaliwa" linatosha baina ya ndugu. Mbele ya Wizara ya Kazi ya Omani halina maana yoyote.

Ichukuliwe hali ya kufikirika, lakini inayofanana na nyingi. Tajiri wa Chake Chake anayeagiza vifaa vya ujenzi anataka mtu wake Maskati, akae Ruwi, atafute bei, akague mzigo na kusimamia upakizi. Anamchagua mtunza hesabu wake, mtu wa Wete mwenye umri wa miaka 32, mke na watoto wawili. Barua anayompa ni fupi: "Utalipwa riali 450 kwa mwezi bila kodi kwa miaka miwili. Nyumba itaangaliwa. Familia itafuata baada ya miezi sita. Tiketi ya kurudi utapewa mwisho wa mkataba." Kwa hesabu ya riali moja kuwa shilingi 6,500, hiyo ni karibu shilingi milioni 2.9 kwa mwezi. Wete nzima itampongeza.

Jambo la kwanza ambalo barua hiyo haisemi ni nani mwajiri. Tajiri wa Chake Chake hawezi kumuombea mtu viza ya kazi Omani kwa leseni ya Zanzibar. Lazima iwepo kampuni iliyosajiliwa Omani, iwe yake au ya mshirika wake, yenye kibali cha kuajiri mgeni kwa kazi iliyotajwa. Kampuni hiyo ndiyo inayosajili mkataba kule, na mkataba unaotambuliwa ni ule wa Kiarabu, au wa lugha nyingine ulioambatanishwa na wa Kiarabu. Kwa maana hiyo mtunza hesabu wetu atakuwa na karatasi mbili: barua ya Chake Chake na mkataba wa Maskati. Zikipishana, afisa wa Omani atasoma ya kwake.

Na hupishana. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania waliokwenda Omani na Falme za Kiarabu ilieleza watu walioahidiwa mshahara mmoja nyumbani na kukuta mwingine walipofika. Wale walikuwa wafanyakazi wa majumbani, na mtunza hesabu huenda akajiona hayumo. Lakini mlango ni ule ule. Mara nyingi hata hakuna nia mbaya. Mshirika wa Maskati anaandika mshahara mdogo wa msingi ili kupunguza gharama zake, kisha analipa kilichobaki kwa jina la posho.

Tofauti ya msingi na posho ndipo fedha inapopotea kimya kimya. Sheria ya Kazi ya Omani ya mwaka 2023 inampa mfanyakazi mgeni malipo ya mwisho wa utumishi yasiyopungua mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya kazi. Sheria ya zamani ilitoa siku 15 tu kwa kila mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo, ya mwaka huo huo wa 2023, inapanga kugeuza malipo hayo kuwa akiba, nayo pia itahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Kama riali 450 zimegawanywa 200 za msingi na 250 za posho, mtu wetu ataondoka na riali 400 baada ya miaka miwili. Kama zimegawanywa 350 kwa 100, ataondoka na 700. Mshahara wa mwezi ni ule ule na kazi ni ile ile. Riali 300 za tofauti, karibu shilingi milioni mbili, zimeamuliwa na mstari ambao hakuna aliyeuuliza Wete.

Nyumba "itaangaliwa". Swali la kibiashara hapa ni jina la nani litakaa kwenye mkataba wa pango. Mkataba wa pango Maskati husajiliwa manispaa, mara nyingi ni wa mwaka mzima, na wenye nyumba wengi hutaka hundi za miezi ya mbele. Mfanyakazi akiandika hundi hizo kwa jina lake, kisha kazi ikavunjika mwezi wa saba, hundi za miezi mitano zinabaki mkononi mwa mwenye nyumba, na hundi isiyo na fedha Omani si jambo la kusuluhishwa barazani. Nyumba ikiwa kwa jina la kampuni, anakabidhi funguo na kuondoka.

Kisha kuna ukubwa wake. Peke yake, mtu wetu anaweza kukaa chumba kimoja na wenzake na kutuma nyumbani sehemu kubwa ya mshahara. Familia ikifika, chumba hicho hakifai. Ikikadiriwa kodi ya pango riali 160, umeme na maji 30, chakula na usafiri 120, na ada za skuli za binafsi za watoto wawili 80, zimebaki riali 60 kati ya 450. Huko umeme si kitu kidogo, kwa sababu joto la Juni na Julai halimwachi mtu azime kiyoyozi. Makadirio hayo yanaweza kupanda au kushuka kwa mtaa na kwa skuli, lakini yanaonyesha kwamba tajiri asipobeba nyumba, mwezi wa saba ndio mwezi ambao fedha za kulipa mkopo wa saruji zinakatika. Mwenye duka aliyekopesha kwa kutazama riali 450 alikuwa anatazama nambari ya miezi sita ya mwanzo tu.

Ahadi ya familia yenyewe inategemea kilichosajiliwa. Omani huweka kiwango cha chini cha mshahara kwa mgeni anayetaka kumleta mke na watoto. Kiwango hicho kiliwahi kuwa riali 600, kikashushwa mwaka 2017, na baadaye kikashushwa tena. Mwelekeo ni mzuri kwa wafanyakazi, lakini kinachotazamwa ni mshahara ulioandikwa serikalini, si ule uliotajwa kwenye barua ya Chake Chake. Aidha viza ya mke na watoto imeegemea viza ya mume. Siku kazi yake inapokwisha, ukaazi wa nyumba nzima umekwisha, hata kama mtoto yumo katikati ya muhula.

Sasa kodi, na hapa ndipo neno "bila kodi" linapodanganya bila kukusudia. Kwa upande wa Omani ni kweli. Nchi hiyo haijawahi kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi, na sheria iliyotangazwa Juni 2025, inayopangwa kuanza Januari 2028, ni asilimia 5 kwa mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka. Mtunza hesabu wa riali 5,400 kwa mwaka yuko mbali sana na mstari huo.

Upande wa pili ni Tanzania. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatumika Pemba kama inavyotumika Tanga. Kwa sheria hiyo mkaazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya ajira popote yalikotoka. Wengi wanadhani mkaazi ni yule aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Hicho ni kipimo kimoja tu. Kipimo kingine, kinachotajwa mara chache, kinasema mtu mwenye makazi ya kudumu nchini, akiwepo nchini katika sehemu yoyote ya mwaka wa mapato, ni mkaazi wa mwaka huo. Sheria haikusema miezi mingapi. Ilisema sehemu yoyote.

Mtu wetu ana nyumba Wete. Katika miezi sita ya mwanzo, na pengine zaidi, mke na watoto wamo ndani yake. Anakuja likizo ya siku 30, anakula Idi, anarudi kazini. Kwa kipimo hicho ni mkaazi wa Tanzania mwaka ule wote, na mshahara wa Maskati uko ndani ya mikono ya TRA. Kiwango cha juu cha kodi ya mshahara ni asilimia 30. Kwa kawaida mtu aliyekatwa kodi nje hupewa nafuu ya ile aliyolipa huko; huyu hakukatwa chochote Omani, kwa hiyo hana cha kupunguziwa. Hata nyumba ya bure ya kampuni huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake, kwa kanuni inayohusisha thamani ya pango sokoni, gharama aliyodai mwajiri na asilimia 15 ya mapato ya mfanyakazi.

Je, nani atailipa? Hilo linategemea mshahara unatoka wapi. Ukitoka kwenye orodha ya mishahara ya Chake Chake, tajiri ana wajibu wa kukata kodi kila mwezi kama anavyowakata wengine, na asipokata deni ni lake pamoja na riba. Ukilipwa na kampuni ya Maskati kupitia benki ya kule, hakuna wa kukata. Wajibu wa kupeleka ritani, kabla ya mwisho wa Juni wa mwaka unaofuata, unabaki kwa mfanyakazi mwenyewe. Wapo watakaosema kwamba hakuna anayefuatilia mshahara wa Mpemba mmoja Ruwi. Inawezekana. Lakini tajiri aliyeandika "bila kodi" kwa saini na mhuri amempa mfanyakazi karatasi ya kumdai siku kodi itakapofika, na mfanyakazi aliyeisoma kama ahadi ya serikali amesoma vibaya. Ni heri mstari huo ufutwe na kuandikwa kuwa riali 450 ni mshahara halisi, na kodi yoyote itakayotozwa Tanzania au Omani juu yake itabebwa na mwajiri. Au uandikwe kuwa ni mshahara ghafi na kila mtu ajue anabeba chake. Kati ya hizo mbili ya pili ni rahisi kwa tajiri na ngumu kwa mfanyakazi, na bei ya mshahara inapaswa kulionyesha hilo.

Hapa pia inaonekana jinsi familia na kodi zilivyofungana. Familia ikihamia Maskati kweli, nyumba ya Wete ikapangishwa kwa mkataba, hoja ya kwamba mtu hana tena makazi ya kudumu nchini inapata nguvu. Familia ikibaki, hoja hiyo haipo. Tajiri anayeokoa fedha kwa kuchelewesha familia anaweza kuwa anajinunulia kodi.

Linabaki la kurudi, ambalo barua nyingi hulimaliza kwa tiketi. Sheria ya Omani inamtaka mwajiri kubeba gharama za kumrudisha mfanyakazi mgeni kwao ajira inapokwisha, kwa hiyo ahadi ya tiketi ya mtu mmoja si zawadi. Ni wajibu uliokwisha kuwepo. Cha kuandikwa ni kile ambacho sheria haikitaji: tiketi za mke na watoto, mizigo, na nani analipa kama mkataba umevunjika mwezi wa tano. Tena tiketi ya Maskati hadi Zanzibar inaishia Unguja. Boti au ndege ya kwenda Pemba, kwa watu wanne na mizigo ya miaka miwili, ni safari ya pili.

Kubwa zaidi ni kiti chake cha Chake Chake. Je, ameazimwa kwa Maskati au ameacha kazi Pemba? Ikiwa ameazimwa, miaka miwili inahesabiwa katika utumishi wake, michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar inaendelea kwa mshahara uliotajwa kwa shilingi, na anarudi katika daraja lisilo chini ya lile aliloliacha. Ikiwa ameacha, alipwe haki zake za Chake Chake kabla ya kupanda ndege, na achangie Mfuko kwa mpango wa hiari kama anataka. Barua isiyosema lolote humweka katikati: hakulipwa kama aliyeacha na hakuchangiwa kama aliyeazimwa. Anagundua siku anaporudi na kumkuta mtu mwingine mezani.

Matajiri husita kuahidi kiti, wakihofia kujifunga. Hesabu yao ina kasoro. Tangu Januari 2021 Omani iliondoa sharti la mfanyakazi mgeni kupata idhini ya mwajiri wa zamani ili kuhamia kwa mwingine anapomaliza mkataba. Mtunza hesabu aliyekaa Ruwi miaka miwili anawajua wauzaji wote, anazijua bei, na anajua tajiri wake anapata faida kiasi gani. Kama Chake Chake hakumngojei kitu, mshindani wa tajiri huyo atampata kwa mshahara uleule. Kumzuilia pasipoti si dawa. Sheria ya 2023 inakataza mwajiri kukaa nayo bila idhini ya maandishi ya mwenyewe. Dawa ni fedha inayongoja nyumbani. Malipo ya kurejea ya miezi mitatu ya mshahara, yanayolipwa nusu akiripoti kazini Chake Chake na nusu baada ya miezi sita, ni riali 1,350, na kwa tajiri wa makontena hiyo ni bima ya bei nafuu.

Barua ile ile basi ingeandikwa hivi: mshahara wa msingi riali 350 na posho 100, kiasi hichohicho kikisajiliwa katika mkataba wa Kiarabu, ambao nakala yake itaambatanishwa kabla ya safari, jina la kazi katika kibali liwe la utunzaji hesabu, kwa sababu baadhi ya kazi zimetengewa Waomani na anayekutwa akifanya kazi nyingine na ya kibali chake ana kosa. Nyumba ya chumba kimoja kwa jina la kampuni, na ya vyumba viwili tangu siku familia inapofika. Viza, bima ya matibabu na tiketi za mke na watoto kwa gharama ya mwajiri, kwenda na kurudi, mpaka Pemba. Kodi juu ya mwajiri. Kuazimwa kwa miaka miwili, na kiti kinangoja. Kila ukurasa utiwe saini na pande tatu, yaani tajiri, kampuni ya Maskati na mfanyakazi.

Kwa tajiri wa mfano huu barua hiyo ni ghali kuliko ya kwanza, pengine kwa riali 200 kwa mwezi nyumba ikijumlishwa. Akiona hazimudu, njia ipo: amtume mtu asiye na familia, au apange safari za mwezi mmoja mmoja za kununua mzigo badala ya kumhamisha mtu. Na mwenye duka wa Wete anayeombwa mifuko 100 ya saruji kwa deni la Maskati ana haki ya kuomba kuona karatasi ya Kiarabu, kisha ampelekee mtu anayejua kuisoma.